Uzi: Aikoni nane za aisometriki zinakataa kufanana. Prompti yangu ina kasoro gani?

#1 Pikseli_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina tovuti ya chama cha akiba na mikopo, nao wanataka aikoni nane za pande tatu kwa mtindo wa aisometriki: akiba, mikopo, hisa, bima, mikutano, fomu, malipo kwa simu na msaada. Natumia Midjourney, chombo kinachochora picha kutokana na maandishi.

Kila aikoni ukiitazama peke yake ni nzuri. Nikizipanga safu moja, zinaonekana kama nimeziokota kwenye tovuti nane. Ngao ya bima imekuja ya chuma ina nakshi za dhahabu. Kalenda ina kichwa chekundu wakati niliomba buluu na chungwa. Simu imegeukia kulia, fomu imegeukia kushoto. Kopo la akiba limewekwa juu ya kijukwaa chenye nyasi, na nyasi sikuziomba popote. Prompti ni hii, nabadilisha jina la kitu tu:

```
cute isometric 3D icon of a shield, modern,
soft colors, blue and orange, high quality, 8k
```

Nimerudia zaidi ya mara mia. Nibadilishe maneno au nibadilishe chombo?

#2 Kaka_Mbegu

Mkuu, dawa ni ndogo sana. Weka `--seed` moja kwenye zote nane, mfano `--seed 4412`. Mbegu ikiwa moja mtindo unakuwa mmoja. Kazi imeisha.

#3 Mama_Duka_Mtandaoni

Kwa nini ujitese? Zipo maktaba za aikoni za bure, unaweka mstari mmoja kwenye ukurasa unapata mamia, zote zinafanana. Duka langu nimefanya hivyo.

#4 Pikseli_Tanga

@Mama_Duka_Mtandaoni asante mama, ila hizo ni bapa, za mstari. Wateja wangu wanataka zenye ujazo, zenye uso na ubavu.

@Kaka_Mbegu nimejaribu mbegu moja sasa hivi kwa ngao na kalenda. Zimekaa katikati ya picha vizuri, lakini ngao bado ya chuma na kalenda bado nyekundu.

#5 Dada_Gridi

Kaka_Mbegu amepatia nusu. Mbegu ni ile chengachenga ya mwanzo ambayo picha inachongwa kutoka humo. Ukirudia prompti ileile na mbegu ileile, picha inarudi karibu vilevile. Ukibadilisha jina la kitu, chenga ni zile zile ila kinachochongwa ni kingine. Kwa hiyo mbegu haibebi mtindo.

Pikseli, tatizo lako liko kwenye jina la kitu lenyewe. Neno "shield" linakuja na picha zote za ngao ambazo mashine ilijifunza, na ngao nyingi mtandaoni ni za michezo ya vita, chuma na dhahabu. Kalenda nyingi zina kichwa chekundu. Neno "isometric" nalo lina mzigo wake: watu wengi walioliandika chini ya picha walikuwa wamechora vyumba na vijiji vidogo juu ya kipande cha ardhi kilichokatwa mraba. Nyasi zako zimetoka huko.

Sasa angalia umeipa nini cha kushindana na mizigo hiyo. "Cute, modern, high quality, 8k" hayataji kitu chochote kinachoonekana. "Soft colors" kila kitu kinatafsiri kivyake. Pale ulipokaa kimya, jina la kitu limejaza lenyewe.

Kwa hiyo taja vitu vinne, na uvitaje kwa maneno yaleyale kila mara: nyenzo, upande uso unakogeukia, mwanga unatoka wapi, na rangi ipi iko sehemu ipi. Kiunzi changu ni hiki, unagusa neno KITU tu:

```
isometric icon of KITU, single object,
front face turned to the lower left,
smooth matte plastic, rounded edges,
navy blue body, one orange part,
light from upper left, plain light grey background
--ar 1:1 --style raw --stylize 50
--no platform, grass, text, people
```

Kijukwaa usikikatae ndani ya sentensi. Ukiandika "without a platform", neno "platform" limeshaingia na kitaletwa. Kikatae kwenye `--no`.

#6 Mchoraramani

Nimefurahi kuona watu wanajadili aisometriki. Sisi shule ya ufundi tuliichora kwa tiisikwea na setisikwea ya 30 na 60. Mistari ya wima inabaki wima, ile ya kulia na kushoto inapanda nyuzi 30. Sambamba inabaki sambamba, haikutani kamwe. Hiyo ndiyo inayofanya vitu vingi viweze kukaa pamoja kwenye karatasi moja vikaonekana vya ulimwengu mmoja. William Farish wa Cambridge aliandika juu yake mwaka 1822, kwa ajili ya kuchora mitambo.

Picha za mashine hizi nimeziangalia kwa mwanangu. Nyingi zinaitwa aisometriki lakini mistari yake inakimbilia kukutana huko nyuma, kama reli. Hiyo ni picha ya lenzi. Weka setisikwea juu ya kioo utaona.

#7 Nurdin_wa_Render

Mzee umemaliza. Ndiyo maana mimi nasema acheni prompti, fungueni Blender, mchonge vitu vya pande tatu wenyewe. Kamera inainamishwa nyuzi 30, taa moja, unabadilisha kitu tu. Zikikosa kufanana nidai.

#8 Mchoraramani

Kijana, hapo umechanganya. 30 ni mwinamo wa mistari kwenye karatasi. Jicho lenyewe linatazama chini kwa nyuzi 35.264 kutoka usawa wa macho. Ukiinamisha kamera 30 kamili, mistari yako haitapanda 30 na pande tatu za mchemraba hazitalingana.

#9 Nurdin_wa_Render

Kweli mzee, nimeenda kufungua faili langu la zamani. Kwenye Blender mzunguko wa kamera unaanza kuhesabiwa ikiwa inatazama chini moja kwa moja, kwa hiyo ni 90 kutoa 35.264. Nilikuwa nimeweka hivi:

```
Camera > Lens > Type: Orthographic
Rotation X 54.736  Y 0  Z 45
```

Na bila hiyo `Orthographic` pembe zote hizo hazisaidii, lenzi itafanya mistari ikutane tu. Asante kwa kunirekebisha.

#10 Pikseli_Tanga

Dada_Gridi, nimetumia kiunzi chako kama kilivyo. Ngao imekuwa ya plastiki ya buluu yenye alama ya tiki ya chungwa! Kalenda imeacha wekundu. Nyasi zimeondoka. Fomu na simu zimegeukia kushoto zote mbili, ingawa simu ilihitaji majaribio manne.

Zimebaki shida mbili. Buluu ya ngao na buluu ya simu si moja, nikiandika namba ya rangi ya chama, `#12355B`, haishiki. Na kifaa cha sauti cha kuvaa kichwani, ile aikoni ya msaada, kinatoka kimepinda, mara ya tano sasa.

Mzee Mchoraramani, je, nikiandika nyuzi 35.264 kwenye prompti itasaidia?

#11 Kaka_Mbegu

Andika mkuu, mashine inapenda vipimo.

#12 Dada_Gridi

Haipimi chochote, Kaka_Mbegu. Haina kamera ndani wala protrakta. Inajua tu picha zilizoandikwa maneno fulani zinafanana vipi. Nimewahi kuandika 35.264 kwenye prompti ishirini na nikaiondoa kwenye ishirini nyingine, nikaweka gridi ya nyuzi 30 juu ya zote kwenye Figma. Sikuona tofauti. Kilichosaidia ni "orthographic view, parallel lines", na kuchagua vitu vyenye umbo la kisanduku.

Namba ya rangi nayo ni hivyo hivyo. Iambie "navy blue" upate buluu ya jirani, halafu usawazishe mwenyewe mwishoni. Fungua zote nane kwenye turubai moja pale Photopea, chukua rangi ya uso wa mbele wa kila moja kwa kidonyoo, halafu sogeza rangi na mwangaza hadi uso wa mbele wa zote uwe namba moja. Linganisha uso wa mbele kwa uso wa mbele, maana ubavu uko kivulini, una namba yake.

#13 Binti_Malindi

Jamani, mimi naona mnazunguka. Tumia `--sref`. Unachukua aikoni moja iliyokukubali, unaipakia, unaiweka kama rejeo la mtindo kwenye zile saba:

```
--sref KIUNGO_CHA_PICHA --sw 200
```

`--sw` ni nguvu ya rejeo, kiwango chake ni 0 hadi 1000, kawaida yake 100. Mimi niliweka 200 kwa tovuti ya hoteli ndogo, aikoni kumi na moja: kitanda, mashua, samaki, mwavuli wa ufukweni na kadhalika. Nyenzo na rangi zilikaa sawa hata nilipofupisha maneno.

Ila kuna kitu kilinishinda. Rejeo langu lilikuwa kitanda. Nilipopandisha hadi 600, samaki alitoka na mto na shuka. Nikashusha.

#14 Nurdin_wa_Render

Samaki amelala hotelini, amelipia chumba.

#15 Binti_Malindi

Mteja alimpenda yule samaki kuliko wote, ila hakuingia kwenye tovuti.

#16 Dada_Gridi

Binti_Malindi yuko sahihi kuhusu `--sref`, naitumia kila siku. Naongeza jambo moja: rejeo linabeba nyenzo, rangi na ulaini wa mwanga. Pembe halibebi kwa uhakika. Nimeweka rejeo lenye uso wa kushoto, nikapata kitu kilichogeukia kulia, plastiki ileile. Kwa hiyo sentensi ya "front face turned to the lower left" usiitoe hata ukiwa na rejeo.

Na rejeo liwe kitu cha kawaida kisicho na hadithi. Mimi hutumia kisanduku kitupu chenye kipande kimoja cha chungwa. Kisanduku hakina shuka la kumvalisha mtu.

#17 Mama_Duka_Mtandaoni

Nimesoma hadi hapa nimeanza kuelewa mnachozungumza. Swali: hilo kopo la akiba ni lile la nguruwe?

#18 Pikseli_Tanga

Ndiyo mama, niliandika "piggy bank".

#19 Mama_Duka_Mtandaoni

Mwanangu, chama cha Tanga, nusu ya wanachama ni Waislamu, uwawekee nguruwe kwenye ukurasa wa akiba? Weka kibubu.

#20 Pikseli_Tanga

Umeniokoa mama, kweli kabisa. Nimejaribu "kibubu", mashine haikujua, ikaleta chungu. Nikaandika hivi kwenye nafasi ya KITU:

```
a small wooden money box with a coin slot on top
```

Imekuja safi jaribio la kwanza! Tundu la sarafu juu, uso kushoto. Ni kisanduku tu, mistari yake imenyooka kuliko aikoni zote. Ila neno "wooden" limeleta mbao, ikapigana na plastiki. Nimeliondoa.

#21 Mchoraramani

Hapo ndipo penye somo la vifaa vya sauti vyako. Kisanduku kina mistari inayofuata mihimili mitatu, huwezi kukikosea. Kifaa cha sauti ni upinde na duara mbili, hakina mstari hata mmoja wa kushikilia. Sisi tulipochora duara kwa aisometriki tulianza na mraba uliolala, kisha tukachora yai ndani yake. Mashine haina mraba wa kuanzia.

#22 Dada_Gridi

Mimi naona sababu ni nyingine, mzee. Nguruwe wa sarafu pia ni mviringo mtupu, mbona yeye anatoka vizuri? Nadhani ni kwa sababu picha nyingi za vifaa vya sauti ni za matangazo ya dukani, zimepigwa kwa lenzi kutoka mbele. Mashine haijaona vya kutosha vilivyochorwa kwa aisometriki.

#23 Binti_Malindi

Pikseli, uliandika nini hasa kwenye nafasi ya KITU?

#24 Pikseli_Tanga

"customer support headset"

#25 Binti_Malindi

Basi! "Customer support" inaita mtu aliyevaa. Umekataa watu kwenye `--no`, kwa hiyo inachora kifaa kilichovaliwa na kichwa ambacho hakipo. Ndiyo maana kimepinda. Andika "headset" tu.

#26 Pikseli_Tanga

Nimejaribu "headset" tu. Mara mbili kimepinda, mara mbili kimenyooka lakini kimegeukia kulia. Sijui nimwamini nani kati yenu watatu.

#27 Fundi_Kisumu

Habari za humu. Nimechelewa ila nina kisa kinachofanana. Nilitengeneza aikoni kumi na mbili za zahanati. Saba nilizimaliza, mteja akakaa mwezi mzima bila kujibu, akarudi na kutaka tano zaidi. Nikatumia prompti ileile, rejeo lilelile. Tano mpya zikatoka laini zaidi, zinang'aa, si ndugu wa zile saba. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba toleo la chombo lilikuwa limebadilika katikati. Sikuwa nimeandika toleo, kwa hiyo nilipelekwa kwenye jipya.

Sasa kila prompti yangu inaishia na toleo, mfano `--v 6.1`, na ninaihifadhi yote kwenye faili la maandishi pamoja na picha ya rejeo. Chama kitakuja kukuomba aikoni ya tisa, uwe na uhakika.

#28 Kaka_Mbegu

Hii ni muhimu, sikuwahi kufikiria. Nami nimejaribu kitu usiku huu. Nimechukua kiunzi cha Dada_Gridi, nikazalisha vitu sita bila mbegu, kisha sita kwa mbegu moja. Mtindo haukutofautiana, nakubali. Lakini vya mbegu moja vimekaa karibu mahali pamoja na kwa ukubwa unaokaribiana. Visivyo na mbegu vimetawanyika. Kwa hiyo mbegu ina kazi, ila si ile niliyoisema.

#29 Dada_Gridi

Sita ni chache, lakini haipingani na kinachojulikana, maana chenga za mwanzo ndizo zinaanza kupanga nini kikae wapi. Mimi sitegemei hilo, ukubwa naurekebisha mwenyewe. Mchemraba wa aisometriki ukiuzungushia mstari wa nje unapata pembesita sawa. Basi nachora pembesita moja kwenye turubai ya pikseli 256, urefu 216 na upana 187, kila aikoni inaingia humo. Mwavuli mrefu unapungua, simu nyembamba inaruhusiwa kugusa juu na chini. Bila hivyo kibubu kinaonekana mara mbili ya simu.

#30 Nurdin_wa_Render

Swali kwa wote: kwa nini msiziombe zote kwenye picha moja? Gridi ya tatu kwa tatu. Zikizaliwa pamoja zinafanana, mwanga mmoja, plastiki moja.

#31 Fundi_Kisumu

Nilifanya hivyo mwanzo. Zinafanana kweli, kuliko njia nyingine yoyote niliyojaribu. Ila ukitaja vitu tisa, sifa zinahama. Rangi ya chungwa ya kalenda inaenda kwa bahasha, na kimoja kinarudiwa mara mbili huku kingine kikikosekana. Picha ya pikseli 1024 ukiigawa kwa tatu unabaki na 341 kwa kila moja. Kwa aikoni ya pikseli 96 kwenye ukurasa inatosha hata kwa vioo vyenye msongamano mara mbili, maana ni 192 tu. Haitoshi ukitaka kuichapa kwenye bango.

#32 Dada_Gridi

Ninachofanya mimi ni kuoanisha njia hizo mbili: naomba gridi ya vitu vinne tu, sijali kama vitu vyenyewe ni sahihi, natafuta ile ambayo plastiki na mwanga vimenikubali. Kisha gridi hiyo yote ndiyo inakuwa rejeo la `--sref`, na aikoni nazitoa mojamoja. Ina vitu vinne tofauti, kwa hiyo hakuna kimoja kinachopata nguvu ya kuwavika wengine shuka.

#33 Pikseli_Tanga

Taarifa ya leo. Nimefuata njia ya Dada_Gridi: gridi ya vinne kama rejeo, `--sw 150`, toleo nimelifunga kama Fundi_Kisumu alivyosema, mbegu moja pia kwa heshima ya Kaka_Mbegu. Saba kati ya nane zimekaa. Nimezipunguza hadi pikseli 48 nikazigeuza za kijivu, mwanga uko juu kushoto kwa zote saba. Nikiziangalia kwa rangi macho yalikuwa yananidanganya, kwenye kijivu ndipo niligundua ubavu wenye kivuli wa simu ulikuwa upande usio wake, nikairudia.

Shida mpya: nikiondoa usuli, fomu inaliwa. Karatasi yake ni nyeupe na kijivu changu kilikuwa hafifu sana.

#34 Binti_Malindi

Usuli wa fomu uweke rangi isiyokuwepo kwenye aikoni, kijani kilichokolea mfano. Ukingo ukibaki na ukijani, punguza kijani kwenye ukingo tu. Na vivuli vya sakafuni usiviache kwenye picha, kila kimoja kitalala kivyake. Ongeza "shadow" kwenye `--no`, kisha weka kimoja kwa zote kwenye ukurasa:

```css
.aikoni img {
  filter: drop-shadow(0 8px 10px rgb(0 0 0 / .2));
}
```

#35 Dada_Gridi

Hapo tunatofautiana kidogo. Ukikataza "shadow", mara nyingine hata ubavu wenye giza unapauka na ujazo unapotea. Mimi naacha kivuli kije, kisha nakikata.

#36 Binti_Malindi

Kwangu haijawahi kupauka. Labda ni kwa sababu rejeo langu lina ubavu wenye giza kweli kweli.

#37 Mchoraramani

Kijana wa Tanga, hicho kifaa cha sauti kimefikia wapi?

#38 Pikseli_Tanga

Mzee shikamoo. Kimegoma. Majaribio kumi na manne. Nurdin ameniambia faraghani atanichongea Blender kwa kamera yake, ila nina wasiwasi plastiki yake haitafanana na hizi saba.

#39 Nurdin_wa_Render

Nikichonga umbo tu bila rangi, ukalipitisha kwa Stable Diffusion yenye ControlNet ya kina, inayofuata umbali wa kila sehemu ya umbo, basi umbo na pembe vinatoka kwangu, sura inatoka kwa rejeo. Lakini hicho ni chombo kingine, kwa hiyo sikuahidi ndugu wa kuzaliwa.

#40 Mama_Duka_Mtandaoni

Msaada si lazima uwe kifaa cha sauti. Mwanachama wa Tanga akitaka msaada anaenda dirishani. Weka dirisha la karani.

#41 Pikseli_Tanga

Mama, ni kisanduku! Ngoja nijaribu "a small service counter booth with a window". Nikiikosa narudi na picha zote nane mzikosoe.

#42 Dada_Gridi

"Booth" chunga, itakuletea kibanda cha barabarani na nyasi zake. Anza na "counter window". Leta picha, na usiondoe gridi ya nyuzi 30 juu yake.